Shajara ya kitini: swali la ulimi na ndimi, kutoka data hadi umbo la ndani

Jumatatu. Data

Kitini cha semina ya fonolojia kimebakiza jibu moja la mfano. Maswali ya kutafuta alofoni wanafunzi wa mwaka wa pili wanayamudu. Hili la mwisho ni zito zaidi: wanapewa maneno, wanaeleza kwa nini kiambishi kimoja kina sura nyingi, kisha wanatetea umbo la ndani walilolichagua. Hapo ndipo alama zinapovuja. Ukisoma daftari zao unaona kabisa kwamba kanuni wameziona. Kinachokosekana ni maandishi ya kumlazimisha msomaji asiyekubaliana nao akubali.

Nimechagua nomino za u- na wingi wake, yaani ngeli ya 11 na ya 10, pamoja na vivumishi vinavyokubaliana na ngeli ya 9 na 10. Data hii kila mmoja anayo kichwani, na ndani yake kuna hoja moja nzuri sana kuhusu l na d ambayo ninataka jibu zima lizunguke juu yake. Haya ndiyo maneno yatakayochapwa kwenye swali:

```
ubavu   : mbavu        kibaya   : mbaya
udevu   : ndevu        kidogo   : ndogo
ulimi   : ndimi        kirefu   : ndefu
uwingu  : mbingu       viwili   : mbili
                       kigumu   : ngumu
                       kizuri   : nzuri
ukuta   : kuta         kikubwa  : kubwa
upande  : pande        kipana   : pana
ufunguo : funguo       kifupi   : fupi
wimbo   : nyimbo       cheupe   : nyeupe
wembe   : nyembe       chekundu : nyekundu
uso     : nyuso        kipya    : mpya
uzi     : nyuzi
```

Uwingu siku hizi husikii mtu akilitamka mara kwa mara, lakini lipo kwenye kamusi na linabeba hoja ambayo maneno ya kawaida hayaibebi, kwa hiyo linabaki. Upande wa kulia nimeweka umbo la ki- au vi- kwa makusudi: linamwonyesha mwanafunzi mzizi ukiwa mbali na nazali.

Jumanne. Kukata maneno

Leo nimeandika aya ya kwanza ya jibu, ile ya kutenga mofimu. Inaonekana kama kazi ya kupita tu, lakini makosa mengi ya mbele yanaanzia hapa. Ubavu ni u-bavu, kirefu ni ki-refu, hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye wimbo na wembe. Je, w ni ya mzizi au ni kiambishi u- kilichoyeyuka mbele ya irabu?

Jibu haliwezi kusema tu kwamba "w ni u-" na kuendelea. Lazima litoe ushahidi, na upo wa aina mbili. Kwanza, kuna kitenzi -imba, kwa hiyo mzizi unaanza na i. Pili, data yenyewe ina neno ambalo w yake ni ya mzizi kweli, nalo ni uwingu. Hapo u- na w zinakaa pamoja bila kuungana kuwa sauti moja, na wingi wake ni mbingu. Kama w ya wimbo ingekuwa ya mzizi, tungetegemea wingi *mbimbo. Tunapata nyimbo. Viwili na mbili vinakubaliana na uwingu.

Nimeongeza sentensi moja ya pembeni kuhusu waraka na wakati. Maneno haya yametoka Kiarabu yakiwa na w yao tangu huko, lakini wingi wake ni nyaraka na nyakati. Waswahili waliyasikia, wakaikata w kama u-, wakaendelea na kanuni zao. Nimeipenda sentensi hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba mkato huu haujabuniwa na mchambuzi mezani. Wasemaji wenyewe wanaufanya. Lakini nimeiweka pembeni, kwa kuwa maneno hayo hayamo kwenye data ya swali, na jibu lisiegemee kitu ambacho msahihishaji hakukitoa.

Jumatano. Kauli za jumla

Nimesoma rasimu za majibu ambazo kikundi kimenipa. Karibu zote zinarukia kanuni zenye mishale kabla ya kusema kwa Kiswahili cha kawaida kinachotokea. Kauli ya jumla ni sentensi inayosema sauti gani inaonekana wapi, bila kudai chochote kuhusu umbo la ndani. Uzuri wake ni kwamba msomaji anaweza kuikagua dhidi ya data hata kama hataki kuamini uchambuzi unaofuata. Ukiichanganya na kanuni, akikataa kanuni ameikataa na kauli pamoja.

Mfano wa kauli dhaifu kutoka kwenye rasimu moja: "Nazali hubadilika kulingana na konsonanti inayofuata." Si uongo, ila haikagukiki. Inabadilikaje? Konsonanti zipi? Na mbele ya irabu je? Nimeiandika upya hivi:

Mbele ya mzizi unaoanza na konsonanti ghuna, kiambishi cha ngeli ya 9 na 10 ni nazali inayotamkiwa mahali pale pale pa konsonanti hiyo. Mbele ya b ni [m], mbele ya d na z ni [n], mbele ya g ni [ŋ]. Ushahidi: mbavu, mbaya, ndevu, ndogo, nzuri, ngumu.

Hapo kwenye ngumu nimesisitiza. Tahajia yetu inaandika n kwenye ndogo na n kwenye ngumu, na mwanafunzi anayesoma herufi badala ya kusikiliza ataandika kwamba kuna nazali mbili tu, m na n. Sema ngumu polepole: ncha ya ulimi haigusi ufizi hata kidogo, shina lake linainuka nyuma kwenye kaakaa laini. Kwa sababu hiyo jibu litaandikwa kwa alama za kifonetiki pale inapobidi, na ny itaandikwa [ɲ], kwa kuwa ni sauti moja.

Kauli ya pili: mbele ya irabu, kiambishi ni [ɲ]. Nyimbo, nyembe, nyeupe, nyekundu.

Kauli ya tatu: mbele ya mzizi unaoanza na konsonanti sighuna, hakuna nazali inayosikika. Kuta, pande, funguo, kubwa, pana, fupi. Kuna neno moja lililo kinyume, mpya, nalo litajwe hapo hapo, lisifichwe hadi mwisho. Mzizi -pya una silabi moja; yote mengine yana silabi mbili au zaidi.

Kauli ya nne: mizizi ambayo mahali pengine inaanza na l, r au w, baada ya nazali inaanza na d, d na b. Ulimi na ndimi. Kirefu na ndefu. Uwingu na mbingu, viwili na mbili.

Kauli ya tano ni ya uso na uzi: nomino ya u- yenye mzizi wa silabi moja haiachi u- yake kwenye wingi, bali inatanguliza ny-. Nyuso, nyuzi.

Basi, hizo tano zinatosha. Rasimu moja ilikuwa na kauli kumi na moja kwa kuwa kila konsonanti ilipewa kauli yake. Ukiona b, d, z na g zina kauli nne tofauti, ujue kuna kauli moja bado haijaonekana.

Alhamisi. Ulimi: l au d?

Leo ndiyo siku niliyokuwa nikiisubiri. Kauli ya nne inasema l na d zinabadilishana kwenye mzizi mmoja, lakini haijasema ipi imetangulia. Mzizi ni /limi/ au ni /dimi/? Kwenye semina mwanafunzi mmoja aliuliza vizuri kabisa: "Mwalimu, kwa nini tusiseme d ndiyo ya asili, halafu inalegea kuwa l ikiwa kati ya irabu?" Swali hilo linastahili jibu kamili, kwa sababu kulegea kwa d kati ya irabu ni jambo linalotokea katika lugha nyingi. Hawezi kujibiwa kwamba "haiwezekani".

Anajibiwa hivi. Chukua dhana yake kwa dhati, uipeleke inakokwenda. Kama mzizi ni /dimi/, basi kanuni ni kwamba d huwa l baada ya irabu. Sasa pitisha kanuni hiyo kwenye data nzima. Udevu ungekuwa *ulevu. Kidogo kingekuwa *kilogo. Havikuwa. D imekaa kati ya irabu kwa amani. Tena dhana hiyo haisemi kwa nini kirefu kina r na si l, kwani nayo kwenye ndefu ina d.

Mtu mbishi anaweza kujaribu kuiokoa: labda d huwa l baada ya u na huwa r baada ya i. Ndiyo maana nimeongeza kwenye jibu maneno mawili ambayo mwanafunzi yeyote anayajua, urefu na kilimi (kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo). Urefu una r baada ya u. Kilimi kina l baada ya i. Na d tumeshaiona baada ya zote mbili, udevu na kidogo. Kwa hiyo baada ya irabu sauti zote tatu zinawezekana, na irabu haikwambii itakuwa ipi. Baada ya nazali, kinyume chake, ni d tu.

Nimeyapanga kwenye jibu ili jicho lilione lenyewe:

```
              baada ya irabu      baada ya nazali
/l/           ulimi, kilimi       ndimi
/r/           urefu, kirefu       ndefu
/d/           udevu, kidogo       ndevu, ndogo
```

Safu ya katikati ina sauti tatu, ya kulia ina moja. Tofauti ipo kushoto na inafutika kulia. Ukianzia kushoto, unaweza kutabiri kulia bila kukosea: l, r na d zote zinakuwa d. Ukianzia kulia, huwezi kutabiri kushoto: ukipewa d ya ndimi, ndefu na ndevu hujui ipi irudi kuwa l, ipi r na ipi ibaki. Umbo la ndani lazima libebe habari ambayo kanuni haiwezi kuirejesha. Hivyo mizizi ni /limi/, /refu/ na /devu/.

Aya hiyo ndiyo moyo wa jibu. Angalia kwamba haikusema popote kwamba l ni "ya kawaida zaidi" au inatokea mara nyingi zaidi. Rasimu tatu zilichagua l kwa kuwa "umoja hutangulia wingi". Wamefika kwenye jibu sahihi kwa hoja isiyoshika. Kanuni za sauti hazijui kuhesabu moja na nyingi, na hoja hiyo ingeanguka mara moja kwenye ndefu, ambayo huwa ya umoja pia: njia ndefu.

Hoja ya w na b inakwenda njia hiyo hiyo, kwa hiyo nimeipa sentensi mbili tu. Baada ya irabu w na b zinatofautiana, viwili na vibaya; baada ya nazali zote ni b, mbili na mbaya. Mizizi ni /wili/ na /baya/.

Nimeweka pia kikomo waziwazi. Data ina nomino moja tu ya l na kivumishi kimoja tu cha r. Msomaji anaweza kusema maneno mawili hayajengi kanuni. Kinachoipa nguvu ni kwamba l, r na w si mkusanyiko wa bahati nasibu: zote ni ghuna, zote hewa yake inapita bila kuzibwa kabisa na bila mkwaruzo, na zote zinafanya kitu kimoja, yaani kuwa kipasuo cha mahali palipo karibu nazo. Z ya nzuri haimo kwenye kundi hilo, nayo haibadiliki.

Mwenzangu tunayesimamia naye semina alipoipitia aliuliza juu ya kunywa. Pale w inafuata ny na haijawa b. Kanuni yangu ingeharibika kama ningeiandika "w huwa b baada ya nazali" na kuishia hapo. Lakini kwenye -nywa sauti zote mbili ziko ndani ya mzizi mmoja. Kanuni imeandikwa kuwa inafanya kazi pale kiambishi kinapokutana na mzizi, na kunywa imetajwa kama sababu ya sharti hilo.

Ijumaa. Kiambishi chenyewe

Sasa kiambishi. Sura zake ni [m], [n], [ŋ], [ɲ] na kimya. Wagombea wa umbo la ndani ninaowaona kwenye rasimu ni wanne: hakuna kitu kabisa, /n/, /ni/ na /ɲ/. Jibu zuri linawapima wote na kuonyesha kila mmoja anakwamia wapi, si kumsifu mshindi peke yake.

Wa kwanza, kutokuwa na kiambishi, anaonekana kuvutia kwa sababu kuta na kubwa hazina kitu. Nazali zingechomekwa baadaye. Kwa bahati nzuri Kiswahili kina ngeli ambayo kivumishi chake kweli hakina kiambishi mbele ya konsonanti, nayo ni ya 5: tunda baya, tunda refu, tunda dogo. Linganisha na ndizi mbaya, ndizi ndefu, ndizi ndogo. Kama ngeli ya 9 nayo haina kitu, kanuni ya kuchomeka nazali itajuaje iingie kwenye ndizi na isiingie kwenye tunda? Sauti zilizozunguka ni zile zile. Tofauti lazima iwe imeshaandikwa kwenye umbo la ndani. Mgombea huyu ametoka.

Wa pili ni /n/. Huyu ndiye anayependwa, na sababu yake huwa ni kwamba n imetokea mara nyingi kwenye tahajia. Mbele ya konsonanti hana tatizo. Tatizo liko mbele ya irabu: /n+eupe/ itahitaji kanuni ya kugeuza n kuwa ny mbele ya irabu. Je, Kiswahili kina kanuni hiyo? Tazama -on-a, -on-ek-a, -on-e-a. Tazama kauli ya kutendana, pend-an-a. Kila mahali n ya mwisho wa mofimu inakutana na irabu ya mofimu nyingine na inabaki n. Hakuna *pendanya. Kanuni ingekuwa ya kiambishi hiki pekee, imetungwa ili kuokoa dhana.

Wa tatu, /ni/, ni mgombea mwenye akili. Anasema i inayeyuka mbele ya irabu, kama inavyotokea ngeli ya 4: miti mi-baya, lakini miti myeupe. Kwa hiyo ni-eupe ikawa nyeupe. Hadi hapo ananishawishi. Lakini mfano wake huo huo unamrudi: kwenye mi- irabu i inabaki mbele ya konsonanti, mibaya, mirefu. Tungetegemea *nibaya, *nirefu. Atalazimika kuongeza kanuni ya kudondosha i, na kanuni hiyo haitakiwi iguse mi-. Haitakiwi pia iguse ni- ya nafsi ya kwanza, kwa sababu tunasema nibebe na nilime, si *mbebe wala *ndime. Na mbele ya irabu, ni- hiyo ya nafsi haitoi ny: ni-a-sema imekuwa nasema. Kiswahili kinacho kiambishi chenye umbo /ni/, na tabia yake siyo hii.

Anabaki /ɲ/. Mbele ya irabu hakuna linalotakiwa kutokea: nyimbo na nyeupe zinatoka kama zilivyo. Mbele ya konsonanti anahitaji kanuni moja, nazali ikubaliane mahali na konsonanti inayofuata, ambayo vitabu vyetu vinaiita usilimisho pamoja wa nazali. Kanuni hiyo wagombea wengine wote wanaihitaji pia, kwa hiyo haimgharimu kitu cha ziada.

Kuna sababu ya jumla nyuma ya ushindi huu, na nimeiandika kwa sentensi moja kwenye jibu: mbele ya konsonanti, mahali pa nazali panaamuliwa na jirani, kwa hiyo [m], [n] na [ŋ] hazituambii chochote kuhusu nazali yenyewe, mbele ya irabu hakuna jirani wa kuipa mahali, kwa hiyo [ɲ] ndiyo sura inayoonyesha kiambishi kilivyo.

Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba umbo la ndani ni *N- kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa katika Kibantu cha zamani. Historia hiyo inafaa kusomwa, lakini swali limempa data ya leo na kumtaka aithibitishe kwa data hiyo. Mtoto anayejifunza Kiswahili Tanga au Kisumu hana Kibantu cha zamani mbele yake, ana mbaya na nyeupe.

Jumamosi. Kanuni na mabaki

Kanuni zimebaki tatu. Ya kwanza, l, r na w huwa vipasuo baada ya nazali ya kiambishi. Ya pili, nazali husilimishwa mahali. Ya tatu, nazali hudondoka mbele ya konsonanti sighuna, isipokuwa mzizi ukiwa na silabi moja.

```
umbo la ndani   /ɲ+limi/  /ɲ+wili/  /ɲ+kuta/  /ɲ+pya/  /ɲ+eupe/
1 kipasuo        ɲdimi     ɲbili      -         -         -
2 usilimisho     ndimi     mbili     ŋkuta     mpya       -
3 udondoshaji     -         -        kuta       -         -
umbo la nje     [ndimi]   [mbili]   [kuta]    [mpya]   [ɲeupe]
```

Kuhusu mpangilio, jibu linadai kile tu kinachothibitika. Ya 1 ikitangulia ya 2, nazali inaikuta b tayari na kuwa m bila maelezo zaidi; ikifuata, itabidi tueleze nazali inakubaliana vipi na w, ambayo inatamkwa kwa midomo na kwa nyuma ya ulimi kwa pamoja. Lakini kati ya ya 2 na ya 3 mpangilio hauna kazi. Ukidondosha kwanza, kuta inatoka vile vile. Basi jibu linasema hivyo. Rasimu nyingi zinatoa namba kwa kanuni kana kwamba kila namba ni hoja.

Mpya inapata maelezo, haibaki kuwa neno sugu tu. Mkazo wa Kiswahili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye mpya silabi hiyo ni nazali yenyewe: ukilisema neno, m inavutwa na inabeba mkazo. Ukiidondosha, linabaki pya, silabi moja isiyo na mahali pa kuweka mkazo. Nta na nchi zinatamkwa hivyo hivyo, nazali ikiwa silabi nzima. Uso na uzi zinatatua tatizo hilo hilo kwa njia nyingine: so peke yake lingekuwa fupi mno, kwa hiyo u- inabaki kama sehemu ya shina na kiambishi kinakutana na irabu, ny-uso. Kwa nini nomino zimechagua njia hii na kivumishi ile, data haitoshi kuamua, na jibu linaishia kuzieleza kando kwa kando.

Nimefunga pia milango miwili ambayo mpinzani angeipitia. Mtu atasema nazali haidondoki mbele ya sauti sighuna, tazama mtoto, mpira, mkate. Hiyo m ni ya ngeli nyingine na umbo lake la ndani lina irabu, /mu/, ambayo inajitokeza mbele ya irabu nyingine: mwalimu, mwembe. Nazali yake haisilimishwi hata mahali: mtoto, si *ntoto. Mwingine atasema nyumba rahisi, si *ndahisi. Lakini rahisi halipokei kiambishi cha ngeli hata kidogo: mtihani rahisi, mitihani rahisi, maswali rahisi. Pasipo na nazali, r haina sababu ya kubadilika.

Linabaki njema. Mzizi -ema unaanza na irabu, kwa hiyo tungepata *nyema kwa kanuni hizi. Tunasema habari njema. Hili sikulitafutia kanuni. Limeandikwa kwenye jibu kuwa neno moja ambalo uchambuzi haulitabiri, na kwamba -eupe, -eusi na -ekundu, zenye irabu hiyo hiyo ya e, zinakwenda sawasawa. Msahihishaji akiliona limetajwa anajua mwandishi alilipima. Akiliona halimo anajua hakulifikia.

Jumatatu. Jibu limesomwa kwa sauti

Kikundi kimelisoma jibu zima leo, aya kwa aya: mofimu, kauli tano na ushahidi wake, mizizi, kiambishi, kanuni, mabaki. Aya ya wagombea wanne imekatwa kidogo, kwa kuwa kwenye mtihani hakuna muda wa kumjadili kila mmoja kwa urefu huo. Tumekubaliana kwamba muda ukibana, mgombea wa kwanza na wa pili wapewe sentensi moja moja, tunda baya kwa mmoja na pendana kwa mwingine, na nafasi iliyobaki iende kwa /ni/, kwa kuwa ndiye mwenye hoja.

Mwanafunzi anayetoka Mombasa ameleta jambo ambalo limeingia kwenye jibu kama ushahidi wa ziada. Alituuliza kama hatusikii pumzi kwenye k ya kuta. Kwake yeye ipo, na p ya pande inayo pia, wakati p ya kipande haina. Kisha akatamka paa mbili: paa wa porini kwa pumzi, paa la nyumba bila pumzi. Wengine darasani, wengi wao wa bara, walizisikia tofauti hizo alipozitamka lakini wenyewe hawana.

Paa wa porini ni wa ngeli ya 9, paa la nyumba ni la ngeli ya 5. Pumzi inatokea hasa pale ambapo uchambuzi wetu unasema kulikuwa na nazali ikadondoka, na haitokei kwenye ngeli ambayo tumesema haina kitu. Mgombea wa kwanza, aliyedai kuta haina kiambishi chochote, angelazimika kueleza pumzi hiyo imetoka wapi. Nimeiandika kwenye aya ya kanuni ya tatu, nikataja kwamba ni matamshi ya baadhi ya wasemaji wa pwani, na kwamba kwao nazali inapodondoka inaiachia konsonanti mpumuo. Kwa wengine inadondoka bila alama.

Kitini kinakwenda kuchapwa kikiwa hivyo.